Saa Sabini na Mbili za Slaidi ya Tisa

Slaidi zilikuwa thelathini na moja, na kufikia ya sita Bi Nukta alikuwa ameshakasirika.

Ya kwanza ilikuwa na picha ya jua linalochomoza. Ya pili ilikuwa na neno moja tu, MAPINDUZI, kwa herufi kubwa nyeupe. Ya tatu mpaka ya tano zilikuwa mishale mitupu inayopanda juu, bila kusema ni kitu gani hasa kinachopanda. Kwenye slaidi ya sita ndipo bidhaa yenyewe ilipojitokeza: kasha la baridi la kubebea dawa, la ukubwa wa begi la shule, lenye vibao vya ndani vinavyogandishwa kwa umeme usiku kucha na kisha kuhifadhi ubaridi mahali pasipo na umeme. Kitu kizuri, hilo hakuna wa kulikataa. Kilichomkera ni kwamba ilibidi apite jua, mapinduzi na mishale kabla ya mtu kumwambia kwamba wanauza kasha.

Barua iliyokuja na slaidi hizo ilitoka kwa Meneja wa Masoko, kijana nadhifu wa miaka thelathini na tatu aliyependa viatu vyenye ncha. "Dada, tunazindua kesho saa nne asubuhi. Nahitaji taarifa kwa vyombo vya habari leo kabla ya saa tisa. Kichwa cha habari, mambo muhimu, nukuu. Kila kitu kimo humo, wewe nakili tu."

"Nakili tu," Bi Nukta alirudia kwa sauti, peke yake chumbani. "Haya, mwanangu, ngoja ninakili."

Jina la Bi Nukta alipewa ofisini wiki yake ya kwanza, alipoichukua sentensi ya mistari saba ya meneja wa wakati ule akaikata vipande vinne na kila kipande akakiwekea nukta. Miaka kumi na moja sasa yeye ndiye afisa mawasiliano wa kampuni, na kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa gazeti kwa miaka kumi na minne. Gazetini ndiko alikofanya kosa lililomtia adabu. Alimnukuu mama mmoja aliyefukuzwa kwenye nyumba yake, akaandika maneno kwa kumbukumbu, akayapamba kidogo ili yachome. Kesho yake mama yule alifika chumba cha habari na gazeti mkononi, akalitandaza juu ya meza, akaweka kidole kwenye alama za nukuu na kumwuliza, "Haya nimeyasema wapi, na lini?" Wenzake wote waliacha kuandika. Tangu siku hiyo Bi Nukta hajawahi kuweka maneno ndani ya alama za nukuu bila kumpigia simu mwenye kinywa na kumsomea, neno kwa neno. Wenzake walimcheka. Alipohamia kwenye kampuni wakamcheka zaidi, maana huku kila mtu anajua kwamba nukuu hutungwa na afisa mawasiliano, na mkubwa huidhinisha tu. Hata yeye ndivyo alivyofanya. Kwa kalamu yake Mkurugenzi alikuwa "amefurahishwa sana" mara arobaini na tatu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifurahishwa na kitu chochote. Lakini hata hizo arobaini na tatu alimpelekea, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, maneno mawili: "Sawa. Tuma."

Basi akafungua ukurasa mtupu upande wa kushoto, slaidi upande wa kulia, akaanza kazi.

Alianza kama anavyoanza siku zote, kwa kutupa. Jua likaenda, mapinduzi yakaenda, mishale ikaenda, "suluhisho la kizazi kipya" likaenda na maji. Slaidi ni za mtu aliyesimama ukumbini na kusema. Mwandishi wa habari atakayepokea karatasi hii hatakuwa na wa kumsemea, ana dakika mbili na bosi anayemfokea. Kwa hiyo aya ya kwanza lazima ijibu yote: nani anazindua, nini, lini, wapi, kina faida gani kwa nani. Chini yake mambo muhimu, kila moja kwenye mstari wake: ujazo lita nane, uzito kilo tatu na nusu, bei, dhamana ya miaka miwili, litapatikana madukani kuanzia lini. Kisha nukuu. Kisha aya fupi kuhusu kampuni. Mwisho kabisa, jina na namba ya simu ya kupigiwa kwa maelezo zaidi, nayo ilikuwa namba yake yeye. Juu ya yote aliandika kwamba habari isitangazwe kabla ya saa nne asubuhi ya kesho.

Kichwa cha habari ndicho alichokiacha mpaka mwisho, kwa sababu kichwa hubeba jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa linamngoja kwenye slaidi ya tisa: SAA 72 ZA BARIDI BILA UMEME.

Moyo ulimruka, na haukuruka kwa ajili ya kampuni. Kaka yake mkubwa ni dereva wa lori la masafa marefu, na ni mgonjwa wa sukari anayejidunga insulini. Safari yake moja ni siku tatu kwenda. Kabini ya lori mchana inachemka, na chupa zake za akiba anazibeba kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, barafu anayoomba kila kituo cha mafuta. Mwaka juzi barafu iliyeyuka bila yeye kujua. Dawa haikubadilika rangi wala harufu. Alijidunga vile vile na sukari ikazidi kupanda, mpaka utingo wake akamkuta amelegea kwenye usukani, lori limeegeshwa kwa bahati tu. Siku tatu ni saa sabini na mbili. Wiki nzima kaka mtu alikuwa akimpigia: "Mdogo wangu, hicho kisanduku chenu kinatoka lini? Usiniletee maneno ya matangazo. Ukiandika wewe, nitaamini."

Kwa ajili hiyo Bi Nukta aliikuza slaidi ya tisa kwenye skrini mpaka herufi zikawa kubwa kama vigae. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo hapo mwanzo aliyadhania ni uchafu wa skrini, palikuwa na tanbihi: "Joto la nje nyuzi 20. Kifuniko hakikufunguliwa."

Nyuzi ishirini. Kifuniko hakikufunguliwa. Kasha la dawa ambalo halifunguliwi! Aliendelea kushuka, sasa akisoma kila herufi, na kwenye slaidi ya ishirini na mbili, kati ya chati nne zilizobanwa mahali pa chati moja, akaipata aliyokuwa akiitafuta. "Mazingira ya matumizi: joto la nje nyuzi 38, kufunguliwa mara sita kwa siku." Mstari wa joto la ndani ulikwenda vizuri, vizuri, kisha ukavuka nyuzi nane, ambazo dawa hizi hazitakiwi kuzivuka kwenye hifadhi. Ulivuka saa ya thelathini na moja.

Alikaa akiitazama chati ile mpaka chai yake ikapoa. Hesabu ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza kaka yake yuko salama. Siku ya pili mchana dawa inaanza kuharibika, naye hajui, anaendesha.

Slaidi ya ishirini na saba ndiyo iliyokuwa na nukuu. Picha ya muuguzi mwenye sare nyeupe, anatabasamu, na pembeni yake maneno: "Kwa siku tatu nzima sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kasha hili limeokoa wagonjwa wangu." Chini yake: Muuguzi Mkuu, zahanati ya majaribio.

Bi Nukta aliitafuta namba ya zahanati kwenye faili la majaribio, akapiga. Simu ilipokelewa na sauti ya mtu mwenye haraka.

"Sista, shikamoo. Napiga kutoka kampuni ya makasha. Nina maneno yako hapa yanaenda magazetini kesho, nataka nikusomee kwanza."

"Marahaba. Maneno yangu? Haya, soma."

Akasoma. Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa.

"Rudia hiyo ya siku tatu."

Akarudia.

"Mwanangu," sista alisema polepole, "mimi niliwaambia siku ya kwanza na usiku wake kasha lilifanya kazi vizuri sana. Nikawaambia siku ya pili, saa nane mchana, kipimajoto kilikuwa kimepita alama. Chanjo za watoto nilizihamisha mwenyewe, nikakodi pikipiki nikazipeleka hospitali ya wilaya. Nimeandika kwenye fomu yao, na sahihi yangu ipo. Hiyo picha walinipiga siku wanaleta kasha, kabla sijalitumia. Nilikuwa nacheka kwa sababu mpiga picha alijikwaa."

"Kwa hiyo hukusema haya."

"Ningesema vipi? Kesho mama mmoja akiweka dawa humo siku tatu kwa sababu sista kasema, ataenda kumwuliza nani? Atakuja kwangu. Kwani ni wewe unayeandika hayo?"

Swali hilo lilimchoma Bi Nukta, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Si maneno yale, lakini mengine kama yale, mara arobaini na tatu. "Ni mimi ninayeandika," akasema, "ndiyo maana nimekupigia. Niambie maneno yako, niyaandike yako."

Sista alifikiri, kisha akasema, na Bi Nukta akaandika na kumsomea, na sista akarekebisha neno moja, na Bi Nukta akasoma tena. Ilikuwa nukuu bora kuliko zote alizowahi kuzitunga: "Ni kasha zuri kwa siku moja ya joto. Ukipita hapo, angalia kipimajoto kwanza, usiangalie tangazo."

Kufikia saa nane rasimu ilikuwa tayari. Kichwa kilisema: "Kasha jipya labeba dawa kwa saa 31 kwenye joto kali bila umeme." Kwenye mambo muhimu aliweka namba zote mbili, kila moja na masharti yake: saa 31 kwa joto la nyuzi 38 likifunguliwa mara sita kwa siku, saa 72 kwa nyuzi 20 likiwa limefungwa. Nukuu ya sista akaipunguza ikabaki sentensi yake ya kwanza, baada ya kumpigia tena na kupata ruhusa, maana hata yeye alijua mpaka wa uvumilivu wa kampuni. Akaichapa, akaishika mkononi, akaenda chumba cha Masoko.

Meneja alisoma kichwa cha habari tu. "Dada, thelathini na moja? Dada yangu, washindani wetu wana arobaini na nane!"

"Kwa nyuzi ngapi?"

"Nani anauliza nyuzi?"

"Dawa ndiyo inauliza!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na wasichana wawili kwenye meza za jirani wakainama. "Namba hii nimeitoa kwenye slaidi yako. Ya ishirini na mbili. Ulikuwa nayo!"

"Tanbihi ipo kwenye ya tisa. Hatujadanganya."

"Na sista? Naye ana tanbihi? Umemtia maneno kinywani mwanamke mzima aliyekodi pikipiki kuokoa chanjo zenu."

Meneja alijiegemeza kwenye kiti, mpole kabisa, na upole huo ndio uliomchemsha Bi Nukta damu. "Dada, usinifundishe hili. Nukuu zote zinatungwa. Wewe mwenyewe unamtungia Mkurugenzi miaka yote. Tofauti yetu ni nini?"

"Mimi huwa nauliza."

"Na yeye huwa anasoma?"

Bi Nukta akaona hasira inataka kumliza, jambo ambalo hakulitaka mbele ya viatu vile. Akageuka, akapanda ngazi hadi ofisi ya Mkurugenzi. Safari hii hakutuma barua pepe. Alisimama mbele ya meza akaisoma taarifa yote kwa sauti, tangu kichwa mpaka namba ya simu. Mkurugenzi alikuwa akitia sahihi barua, moja baada ya nyingine. Aliposikia "thelathini na moja" kalamu ilisimama kidogo, au Bi Nukta alitamani iwe imesimama.

"Mzee, ni muhimu namba hizi ziende hivi hivi. Watu watabeba dawa humo."

"Sawa, Bi Nukta," Mkurugenzi alisema. "Tuma."

Orodha ya waandishi wote walioalikwa ilikuwa mikononi mwa Masoko, kwa hiyo aliipeleka taarifa huko, na katika barua akaandika kwamba imeidhinishwa na Mkurugenzi kama ilivyo. Jioni ile, akirudi nyumbani, alijiona mwepesi. Alimpigia kaka yake akamwambia kesho asome habari.

Asubuhi ukumbi ulikuwa na viti mia na ishirini, na juu ya kila kiti bahasha yenye nembo ya kampuni. Projekta ilikuwa inawaka, jua limeshachomoza ukutani. Bi Nukta alichukua bahasha ya kiti cha nyuma kabisa, akaifungua kwa tabia tu, kama mama anavyofungua begi la mtoto kuona kama daftari limo.

"Saa 72 za baridi bila umeme: mapinduzi ya dawa yaanza." Na aya ya nne: "Kwa siku tatu nzima sikuwa na wasiwasi hata kidogo," alisema Muuguzi Mkuu.

Alisoma mpaka chini. Tanbihi haikuwepo. Hata ile ndogo kama uchafu haikuwepo, kwa sababu tanbihi hubaki kwenye slaidi. Kilichobaki chake ni mstari wa mwisho tu, kwa maelezo zaidi, jina lake na namba yake.

Alimkuta Meneja kando ya jukwaa anajaribu kipaza sauti. "Iliidhinishwa ile yangu," alisema. "Mkurugenzi mwenyewe alisema sawa!"

"Na hii aliidhinisha pia, dada. Saa kumi na moja jana." Meneja alimwonyesha simu yake bila aibu yoyote. Kwenye skrini palikuwa na maneno mawili. Sawa. Tuma.

Miaka kumi na moja alikuwa akiyatunza maneno hayo mawili kama muhuri. Alitaka kulirarua lile tabasamu la Meneja kwa kucha, na alitaka zaidi kujizaba kofi mwenyewe. Alikwenda akasimama nyuma ya ukumbi. Saa nne ikafika, taa zikazimwa, neno MAPINDUZI likatokea, watu wakapiga makofi.

Saa nne na dakika kumi na mbili simu yake ilitikisika. Alitoka akaenda kwenye ujia.

"Mdogo wangu!" Ilikuwa sauti ya kaka yake, na nyuma yake injini inanguruma. "Nimesoma hapa kituo cha mafuta, wameshaweka kwenye simu! Saa sabini na mbili! Siku tatu kamili, kama wamepima barabara yangu! Nimeona namba yako hapo chini, nikasema basi, hii ni ya dada. Nimeshamwambia wakala aniwekee moja."

Bi Nukta aliegemea ukuta. "Kaka, sikiliza. Hiyo namba si ya barabara yako. Kwenye joto ni saa thelathini na moja. Thelathini na moja, umesikia? Siku moja na kidogo."

"Lakini wameandika..."

"Najua walichoandika. Sikuandika mimi."

"Na jina lako?"

Lori lilinguruma upande wa pili, na alijua kaka yake amekaa kwenye usukani ule ule, anasubiri, na kwamba watu wengine wengi wanaoisoma karatasi ile saa hii hawana dada wa kumpigia.

"Jina langu lipo," akasema. "Nitalitolea maelezo. Usinunue kwa namba hiyo."

Alikuwa hajairudisha simu mfukoni ilipolia tena. Namba ngeni. Sauti ya kijana, mwandishi, yumo humo humo ukumbini, anaongea chini chini.

"Mama, namba yako ipo hapa kwa maelezo zaidi. Nina swali moja dogo kabla sijatuma habari. Hizi saa sabini na mbili, ni katika joto gani?"

Kupitia mlango uliokuwa nusu wazi alimwona Meneja jukwaani, mkono umeelekea slaidi ya tisa. Meneja naye alimwona, akaiona simu sikioni mwake, na mkono ule ukashuka. Bi Nukta alifikiria mshahara wake, ada ya mwanawe wa mwisho, miaka minane iliyobaki kabla ya kustaafu. Aliyafikiria vizuri, moja moja, na bado alikuwa na hasira.

"Nyuzi ishirini, kifuniko kimefungwa," akasema. "Kwenye nyuzi thelathini na nane, kikifunguliwa mara sita kwa siku, ni saa thelathini na moja. Mwambie aliyeko jukwaani akuonyeshe slaidi ya ishirini na mbili. Na yule muuguzi hakusema maneno hayo. Nilimpigia mwenyewe jana."

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi. Kijana alivuta pumzi.

"Mama, hayo naweza kukunukuu? Kwa jina lako?"

"Ninukuu," Bi Nukta alisema. "Lakini nisomee kwanza."